Jinsi Zahanati Inavyoomba Muuguzi wa Ziada: Hesabu Iliyomo Ndani ya Memo

Wakazi wengi wa Keroka wamewahi kufika zahanati asubuhi wakapata foleni ndefu na muuguzi mmoja tu. Swali linaloulizwa kila mara katika mabaraza ni hili: kwa nini kaunti haimwongezi mwingine? Jibu huanza na memo. Afisa msimamizi wa zahanati humwandikia memo msimamizi wa afya wa kaunti ndogo, nayo hupanda hadi kwa afisa mkuu wa Idara ya Afya. Kutoka hapo, ombi la kuajiri hupelekwa kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Memo inayosema tu kwamba wafanyakazi wamelemewa haifiki mbali, kwa sababu kila kituo kinaweza kusema hivyo. Inayosikilizwa ni ile inayoonyesha saa za kazi zilizopo, saa zinazohitajika, na gharama ya kuacha mambo yalivyo.

Kwa nini wagonjwa huhesabiwa, si wakazi pekee

Njia ya kawaida ya kupanga wafanyakazi ni kuangalia idadi ya watu wa eneo. Keroka njia hiyo ina kasoro. Mji umekatwa na mpaka wa kaunti mbili: upande mmoja ni Masaba Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, na upande wa pili ni Masaba Kusini, Kaunti ya Kisii. Mgonjwa haulizi mpaka uko wapi. Huenda kituo kilicho karibu naye au karibu na soko. Hivyo kituo kinaweza kuhudumia watu wengi ambao hawamo katika hesabu ya wakazi wa kaunti yake.

Shirika la Afya Duniani lina mbinu inayoitwa WISN, ambayo hupima mzigo wa kazi yenyewe. Huangalia watu waliohudumiwa na muda ambao kila huduma inahitaji, bila kujali mgonjwa ametoka upande gani wa barabara.

Mfano wa hesabu

Chukulia zahanati yenye wauguzi wawili. Takwimu zinazofuata ni za mfano, si za kituo chochote mahususi.

Hatua ya kwanza ni kujua muuguzi ana saa ngapi za kazi kwa mwaka. Wiki 52 za siku tano ni siku 260. Ondoa siku 30 za likizo ya mwaka, siku 12 za sikukuu, na siku 8 za ugonjwa na mafunzo. Zinabaki siku 210, na kwa saa nane kila siku, hizo ni saa 1,680. Wauguzi wawili wana saa 3,360.

Hatua ya pili ni kuhesabu kazi. Kwa mwaka zahanati imeona wagonjwa wa kawaida 9,600, kila mmoja dakika 15: saa 2,400. Kliniki ya wajawazito imehudhuriwa mara 1,680, kila mara dakika 30: saa 840. Watoto wameletwa chanjo mara 3,360, kila mara dakika 10: saa 560. Jumla ni saa 3,800.

Hatua ya tatu husahaulika mara nyingi. Muuguzi pia hujaza madaftari, huandaa ripoti za mwezi, huagiza dawa na hukagua jokofu la chanjo. Ikiwa kazi hizo zinachukua asilimia 20 ya muda wake, basi saa 3,800 za kuhudumia watu ni asilimia 80 tu ya mzigo wote. Mzigo kamili ni saa 4,750. Gawanya kwa saa 1,680 za muuguzi mmoja, upate 2.83. Zahanati hiyo inahitaji wauguzi watatu, nayo ina wawili.

Gharama ya kutofanya lolote

Pengo hilo halionekani kwa milango kufungwa. Huonekana kwa muda wa mgonjwa kupunguzwa. Wauguzi hao wawili wakigawanya saa walizo nazo, dakika 15 za mgonjwa zinakuwa kama dakika 10 na nusu. Kinachoachwa kwanza ni yale yasiyolalamikiwa papo hapo: kupima shinikizo la damu, kueleza namna ya kumeza dawa, kumuuliza mama mjamzito dalili za hatari.

Kuna gharama ya pili. Kila muuguzi ana haki ya kutokuwepo siku 38 kwa likizo, ugonjwa na mafunzo. Wakipokezana, siku 76 kati ya siku 248 ambazo zahanati iko wazi zitakuwa na muuguzi mmoja pekee. Hizo ni karibu siku tatu katika kila kumi. Ikiwa katika kila siku kama hiyo watu 10 wanarudi bila kuhudumiwa, na kila mmoja anatumia shilingi 200 za bodaboda kwenda kituo kingine na kurudi, wananchi wanalipa shilingi 152,000 kwa mwaka.

Memo iliyo wazi hutenganisha fedha hizo na zile zinazotoka kwa kaunti. Nauli ya mwananchi haimo katika vitabu vya kaunti, na peke yake hailingani na mshahara wa mwaka wa muuguzi. Upande wa kaunti kuna malipo ya wafanyakazi wa muda, likizo zinazolimbikizwa, na chanjo inayomwagwa. Chupa ya chanjo ya surua na rubela yenye dozi 10 ikishafunguliwa hutupwa baada ya saa sita, hata kama ni watoto watatu tu waliochanjwa.

Kinachoangusha memo

Kosa la kwanza ni kuchukua mwezi wenye wagonjwa wengi zaidi na kuuzidisha mara 12. La pili ni kutaja muda mrefu kuliko ule unaotumika kwa huduma iliyofanywa vizuri. La tatu ni takwimu za memo kutofautiana na ripoti za kila mwezi ambazo kituo kilikwisha kutuma. Afisa akilinganisha na fomu ya MOH 705 akapata tofauti, ombi hurudishwa.

Hata memo isiyo na dosari inaweza kukataliwa. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinaweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Bodi nayo, kabla ya kuanzisha nafasi mpya, hutakiwa kujiridhisha kwamba hakuna nafasi nyingine katika utumishi wa kaunti inayoweza kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana hesabu hii hufanywa kwa vituo vyote: ikionyesha kwamba kituo kimoja kina wauguzi kuliko mzigo wake, jibu la haraka huwa uhamisho, si ajira mpya. Wakati mwingine karani wa kujaza madaftari hurudishia wauguzi saa nyingi.

Nafasi ya mkazi

Memo hutegemea daftari. Mgonjwa aliyepewa dawa bila kuandikwa hayumo katika hesabu, na mtoto aliyerudishwa bila chanjo hayumo pia. Mkazi ahakikishe ameandikwa kila anapohudumiwa, na aje na Kitabu cha Mama na Mtoto kliniki.

Wakati nao una uzito. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi linalofika Mei, hata likiwa na hesabu sahihi, kwa kawaida husubiri mwaka mwingine wa fedha. Vikao vya maoni ya umma hufanyika kabla ya tarehe hizo, na huko mkazi anaweza kuuliza: zahanati yetu inahitaji wauguzi wangapi kwa hesabu ya mzigo wa kazi, na inao wangapi?