Miji Minane, Vigrafu Vinane

Chukua wastani wa mvua wa kila mwezi katika miji minane ya Tanzania: Bukoba, Arusha, Tanga, Dar es Salaam, Tabora, Dodoma, Mbeya na Songea. Ukiichora yote kwenye grafu moja, kila mji na mstari wa rangi yake, utapata sahani ya tambi. Mistari inakatana ovyo, hasa Novemba na Desemba, na msomaji hajui kama ule wa zambarau ni wa Mbeya au wa Tabora mpaka arudi kwenye orodha ya rangi.

Njia nyepesi ni kumpa kila mji kigrafu chake kidogo, jina likiwa juu, kisha kuvipanga vyote kwenye ukurasa mmoja. Mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Edward Tufte, alisaidia sana kuieneza njia hii kwa kitabu chake cha mwaka 1983. Rangi nyingi hazihitajiki tena, moja yatosha.

Safu ya juu weka Bukoba, Arusha, Tanga na Dar es Salaam; ya chini Tabora, Dodoma, Mbeya na Songea. Papo hapo utaona kilichokuwa kimefichika: juu kila mstari una vilima viwili, masika na vuli; chini kuna kilima kimoja tu, cha mvua za msimu zinazoanza Novemba hivi hadi Aprili. Ukizipanga kwa alfabeti, sura hizo mbili zitachanganyika.

Lakini hapa pana mtego. Ukianza mwaka na Januari, kilima cha Dodoma kitakatwa katikati: nusu itabaki ukingo wa kushoto na nusu ukingo wa kulia, na asiyejua atadhani mji huo nao una misimu miwili. Anza na Julai, wakati wa kiangazi, na kilima kitakaa kizima.

Mtego wa pili ni kipimo. Ukichora vigrafu kimoja kimoja kwenye Excel, programu hujichagulia yenyewe kilele cha mhimili wima. Matokeo yake Dodoma yenye ukame itaonekana kulowa sawa na Bukoba. Weka mwenyewe kilele kimoja kwa vyote, kinachotosha mji wenye mvua nyingi kuliko yote. Dodoma itakuwa fupi, na ufupi huo ndio habari yenyewe. Ukitaka kuonyesha umbo pekee, unaweza kuachia vipimo vitofautiane, ila uandike wazi kwamba urefu haulinganishwi.

Njia hii ina mpaka wake. Anayeuliza kama Aprili Tanga ilipata mvua kuliko Dar es Salaam atalazimika kurusha macho kutoka kigrafu hadi kigrafu, na tofauti ndogo itampotea. Swali hilo lijibiwe kwa grafu ya nguzo ya Aprili peke yake. Na kama miji ni miwili au mitatu, na mistari yake haigongani, iache pamoja.