Manukuu Yaliyochorwa: Jinsi ya Kugeuza Picha za Filamu Kuwa Maandishi

Ukiiagiza programu ya ffmpeg ikutolee manukuu ya filamu ya Blu-ray na kuyaandika katika faili la kawaida la maandishi, itakataa na kukujibu hivi: `Subtitle encoding currently only possible from text to text or bitmap to bitmap`. Wengi hudhani faili limeharibika. Faili ni zima. Kinachosemwa na programu ni kwamba maandishi unayoyaona chini ya filamu si maandishi hata kidogo, bali ni picha, na yenyewe haijui kusoma.

Hali hiyo ilianza na DVD, mwaka 1996, na Blu-ray iliirithi miaka kumi baadaye. Waliozibuni diski hizo walitaka manukuu ya Kithai, Kiarabu au Kigiriki yaonekane sawasawa kwenye kila deki, hata ile isiyo na fonti yoyote ndani yake. Njia rahisi ilikuwa kuchora kila sentensi kama picha ndogo, kuipa muda wa kutokea na wa kutoweka, kisha kuibandika juu ya video. Deki haihitaji kujua herufi, inabandika tu. Anayetaka kuyatafsiri manukuu hayo, kutafuta neno fulani ndani yake, au kukuza herufi zake kwa ajili ya mzazi asiyeona vizuri, hana budi kuzirudisha picha ziwe herufi. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa OCR.

Tuchukue faili moja la mkv, lililotolewa kwenye diski unayoimiliki mwenyewe kwa programu kama MakeMKV. Kwanza uliza kilichomo:

```
mkvmerge -i filamu.mkv
Track ID 0: video (AVC/H.264/MPEG-4p10)
Track ID 1: audio (AC-3)
Track ID 2: subtitles (HDMV PGS)
```

Neno `SubRip/SRT` lingemaanisha maandishi, na kazi ingekuwa imekwisha. `VobSub` ni picha za DVD. `HDMV PGS` ni picha za Blu-ray, na hizi ndizo tulizo nazo. Amri ya kuzitoa ni moja:

```
mkvextract filamu.mkv tracks 2:manukuu.sup
```

Ndani ya faili hilo la .sup, kila picha imetanguliwa na herufi mbili, PG, zikifuatwa na saa yake. Saa hiyo haihesabu sekunde. Inahesabu mapigo 90,000 kwa kila sekunde. Tuseme picha ya kwanza ina namba 6,523,200. Gawanya kwa 90,000 upate sekunde 72.48, yaani dakika moja, sekunde 12 na milisekunde 480. Namba ya kuiondoa picha haimo ndani ya picha yenyewe. Inakuja baadaye, katika kifurushi kitupu kisicho na mchoro wowote, kinachoiambia deki isafishe kioo. Kifurushi hicho kikisema 6,760,800, sentensi imekaa hadi sekunde 75.12. Ndiyo maana muda wa manukuu huwa sahihi hata pale maneno yanaposomwa ovyo: muda haukisiwi, umeandikwa.

Sasa picha. Kila pikseli ina namba ya rangi kutoka katika jedwali lisilozidi rangi 256, na kila rangi ina kiwango chake cha uwazi. DVD ni maskini zaidi: picha moja ina rangi nne tu, kwa kawaida moja ya mandhari isiyoonekana, moja ya mwili wa herufi, moja ya ukingo, na moja ya kulainisha kona. Tatizo la kwanza la OCR linaanzia hapa. Herufi za filamu nyingi ni nyeupe zenye ukingo mweusi, juu ya mandhari iliyo wazi. Ukiubadilisha uwazi huo kuwa nyeupe bila kufikiri, mwili wa herufi unamezwa na rangi ya mandhari na unabaki na ukingo mtupu, kama herufi za bango zisizotiwa rangi ndani. Programu iliyofundishwa kwa vitabu, yenye kuzoea wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, itaiona O moja kama duara mbili zilizofumbatana. Dawa ni kuchagua rangi ya mwili peke yake, kuifanya nyeusi, na kufanya kila kitu kingine kuwa cheupe, ukingo pamoja nao. Kwa picha za DVD inafaa pia kuzikuza mara mbili au tatu kabla ya kuzisomesha, maana kioo chake kina upana wa pikseli 720 tu na herufi ndogo zake ni fupi mno.

Kuna namna mbili za kusoma. Ya kwanza inategemea jambo ambalo wanaoskani vitabu hawana: herufi hizi zilichorwa na mashine. Kwenye ukurasa uliochapishwa, hakuna "a" mbili zinazofanana kabisa, kwa sababu wino husambaa na karatasi hujikunja. Kwenye manukuu, "a" ya dakika ya kwanza na "a" ya dakika ya tisini mara nyingi ni pikseli zilezile, moja baada ya nyingine. Basi programu ya Subtitle Edit inaweza kukukatia umbo, ikakuuliza "hii ni nini?", ukajibu, na haitakuuliza tena. Sentensi za mwanzo zinachosha. Baada ya hapo maswali yanapungua hadi yanakuwa machache sana, na hujitokeza hasa kwenye herufi zilizoinama, ambazo hugusana na kuhesabiwa kuwa umbo moja. Hapo unaandika herufi mbili kama jibu la umbo hilo.

Njia ya pili ni Tesseract, iliyoanzia kwenye maabara za HP miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005. Tangu toleo la 4 inasoma mstari mzima kwa mtandao wa neva badala ya kukata herufi mojamoja, na ina data ya Kiswahili inayoitwa `swa`. Tofauti kati ya `-l swa` na `-l eng` si ndogo. Ukiisomesha Kiswahili kwa data ya Kiingereza, itayavuta maneno yetu kuelekea yale inayoyajua yenyewe.

Lakini njia zote mbili zinakwama mahali pamoja. Katika fonti zisizo na vikonyo, kama Arial, I kubwa na l ndogo mara nyingi hutoka kama kijiti kilekile. Hapo njia ya kulinganisha pikseli haiwezi kuzitenganisha, kwa sababu hakuna cha kutenganisha. Habari hiyo haimo kwenye picha. Sentensi "Ilikuwa lazima Ali alipe" inaweza kutoka hivi:

```
llikuwa Iazima AIi aIipe
```

Hakuna darubini itakayosaidia. Kinachosaidia ni lugha, na Kiswahili kina bahati hapa kuliko Kiingereza. Silabi zetu zinatuambia kwamba l ndogo inayoanza neno haifuatwi na konsonanti. Kwa hiyo `lringa` ni Iringa na `llikuwa` ni Ilikuwa, bila shaka yoyote. I kubwa haikai katikati ya herufi ndogo. Na I kubwa iliyo katikati ya sentensi, ikifuatwa na irabu, karibu kila mara ni l. Kanuni hizo tatu zinaandikwa hivi:

```
sed -E ':a
s/([A-Za-z])I([a-z])/\1l\2/
ta
s/\bl([b-df-hj-np-tv-z])/I\1/g
s/([a-z,] )I([aeiou])/\1l\2/g' ghafi.srt > safi.srt
```

Ukiipitisha sentensi yetu humo, inatoka salama. Kanuni ya tatu nimeifunga makusudi isiguse mwanzo wa sentensi, kwa sababu "Iache!" na "Iangalie" ni Kiswahili safi. Wako watakaosema kanuni za namna hii ni za kizamani mbele ya mitandao ya neva. Mimi naziamini zaidi, kwa kuwa zikikosea naweza kuona zimekosea wapi.

Baada ya hapo inakuja nafasi kati ya maneno, na hili kwetu ni baya kuliko I na l. Programu ya kulinganisha maumbo huhesabu pikseli kati ya herufi mbili, na pengo likizidi kiasi ulichoweka, inaandika nafasi. Kiasi hicho kikiwa kidogo mno, "ninakuja" inakatika kuwa "ni na kuja". Kikagua tahajia hakitaona kosa, kwa sababu "ni", "na" na "kuja" yote ni maneno halali. Kiingereza hakiumii hivyo. Neno likikatika kwa kawaida vipande vyake ni takataka na vinaonekana. Dalili ya kutafuta ni "ni na", "a na" au "wa na" zikijirudia mara nyingi mno. Ukiziona, usisahihishe kwa mkono. Ongeza kiasi cha pikseli, kisha rudia usomaji wote. Maumbo uliyokwisha kuyataja yanakumbukwa, hivyo marudio ni ya muda mfupi.

Ukaguzi wa mwisho pia unatoka katika lugha. Maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa irabu, basi orodhesha yale yasiyofanya hivyo:

```
grep -nE '[b-df-hj-np-tv-z]([ .,!?]|$)' safi.srt
```

Orodha hiyo itakuletea majina kama Joseph na Hassan, ambayo utayapita. Itakuletea pia "Njool", ambayo ni "Njoo!" iliyopoteza nukta ya alama ya mshangao, na "lakin" iliyonyang'anywa irabu yake. Haitakamata kosa lililozaa neno jingine halali, kama "kata" iliyosomwa badala ya "kaka". Kosa la aina hiyo linaonekana kwa jicho tu, picha ikiwa kando ya maandishi, na dirisha la Subtitle Edit limepangwa hivyo makusudi.

Kwa hiyo lihifadhi faili la .sup kando ya lile la .srt, na usilifute mpaka umeitazama filamu yote ukiwa na manukuu mapya. Siku mhusika atakaposema jambo lisiloeleweka, picha ndiyo itakayokuambia kama kosa ni la mashine au ni la aliyeyaandika manukuu tangu awali.