Uso Mmoja, Rangi Nyingi

Ngozi ya mtu mmoja ina rangi zaidi ya moja. Mashavuni, puani na masikioni huelekea wekundu kwa sababu ya damu iliyo karibu na juu ya ngozi, na kidevu cha mwanamume aliyenyoa huingia ubuluu kidogo. Mchoraji anayepaka uso mzima rangi moja ya hudhurungi hupata kinyago.

Chukua mtu mweusi aliyekaa kando ya dirisha. Mchoraji wa rangi za mafuta huanza na siena iliyochomwa, udongo wenye rangi ya kutu, na kuichanganya na bluu ya ultramarini, kama sehemu mbili kwa moja. Hutoka hudhurungi nzito, ambayo huigawa mafungu matatu. Fungu la kivuli huongezewa bluu na nyekundu ya damu ya mzee. La kati huongezewa siena, hasa litakapopakwa shavuni. La upande wenye mwanga hupewa oka, yaani udongo wa manjano, pamoja na nyeupe kidogo sana. Pale ngozi inapong'aa, kwenye paji la uso na ncha ya pua, hupakwa tone la nyeupe lenye ubuluu, kwa kuwa mng'ao ni mwanga wa anga unaoakisiwa bila kuchukua rangi ya ngozi.

Kwa mtu mweupe zaidi, udongo ni uleule. Kinachobadilika ni vipimo. Bluu hupungua, oka na nyeupe huongezeka.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni kutia weusi wa kopo ili kupata giza na nyeupe tupu ili kupata mwanga. Uso hufifia, ukawa kama uliopakwa majivu, kwa sababu nyeupe hupoza rangi na kuiondolea joto. Dawa yake ni kurudisha siena au oka, wala si kuongeza nyeupe nyingine.

Kupima ni rahisi. Rangi huchotwa kwa ncha ya kisu cha kuchanganyia, kisha hunyanyuliwa mbele ya uso wa anayechorwa, katika mwanga uleule, na mchoraji hufinya macho. Kwanza huangaliwa kama imezidi giza au weupe. Wekundu na umanjano hufuata baadaye, maana giza likikosewa hakuna rangi itakayofanana. Anayetumia akriliki hungoja tone likauke kwanza, kwani akriliki hukolea ikikauka.

Majivu yenyewe huweza kuwa uamuzi. Mmarekani Amy Sherald huchora ngozi za watu weusi kwa kijivu makusudi, na ndivyo alivyomchora Michelle Obama katika picha iliyozinduliwa Washington mwaka 2018.