Friji Ikiharibika Ndani ya Waranti, Andika Hivi

Ujumbe wa "friji yangu haipoozi, naomba msaada" humleta fundi mikono mitupu. Anafungua, anaangalia, anarudi kituoni kufuata spea, na wewe unasubiri wiki nyingine. Ukiandika vizuri, fundi anajua aje na nini.

Tuchukue hitilafu moja inayojitokeza sana kwenye friji za milango miwili zinazojiyeyushia barafu zenyewe. Juu nyama inaganda kama kawaida, chini maziwa yanachacha. Jirani atakwambia gesi imeisha. Mara nyingi sivyo, kwa sababu gesi ikipungua, hata juu hapagandi sawasawa. Katika friji hizi ubaridi hutengenezwa nyuma ya paneli ya sehemu ya juu, kisha feni inausukuma kwenda chini. Hita ya kuyeyushia barafu ikifa, barafu hujaa nyuma ya paneli na kuziba njia ya hewa. Feni nayo ikifa, matokeo yanafanana.

Unaweza kuyatenganisha mawili hayo bila bisibisi. Chomoa friji, acha milango wazi siku nzima hadi barafu yote iyeyuke, kisha washa. Ikipooza vizuri siku kadhaa halafu tatizo likarudi, shaka iangukie hita au sensa yake. Isipopooza kabisa chini, fundi aanzie kwenye feni. Ila usichokonoe barafu kwa kisu: ukitoboa bomba gesi inatoka, na waranti haitakulipia.

Sasa ujumbe:

"Habari. Friji modeli XB-260N/02, namba ya mashine ipo kwenye picha ya stika. Niliinunua 14/3/2025, risiti nimeambatanisha. Tangu 2/9/2025 sehemu ya juu inagandisha, ya chini haipoozi. Kompresa inanguruma. Paneli ya nyuma ya juu ina barafu nene. Niliyeyusha kwa saa 24, ikafanya kazi siku 4, tatizo likarudi. Haijafunguliwa na fundi yeyote."

Stika hiyo huwa ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma ya friji. Inakili yote, pamoja na herufi na tarakimu zilizo baada ya mkwaju, kwani friji mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutumia feni tofauti. Jina la kampuni na "ile ya rangi ya fedha" havimsaidii mtunza stoo.

Tarehe ya kununua ndiyo inayoamua nani analipa. Kampuni nyingi huipa kompresa muda mrefu kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo soma kadi yako kabla ya kuambiwa muda umekwisha. Risiti za mashine hufifia. Ipige picha siku ya kununua.

Ukishatuma, omba namba ya taarifa yako. Waranti ikiisha huku bado unamsubiri fundi, namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba uliripoti mapema.