Mpelelezi Anayesoma Soli za Viatu

Julai 1891 jarida la Strand la London lilichapa hadithi fupi ya kwanza ya Sherlock Holmes. Mtunzi wake, Arthur Conan Doyle, alikuwa ameona udhaifu wa riwaya zilizokuwa zikichapwa vipande vipande majaridani: msomaji akikosa toleo moja, uzi unamkatikia, naye haoni tena sababu ya kununua toleo linalofuata. Akaamua kumtumia mhusika yule yule katika kila toleo, lakini kila kisa kianze na kumalizika hapo hapo.

Uamuzi huo ulileta mzigo wake. Riwaya ina kurasa mia mbili za kumzoesha msomaji mhusika, ilhali kisa kifupi kinapaswa kumfanya mpelelezi afahamike kabla ya ukurasa wa tatu, na mara nyingi msomaji huyo hajasoma kisa kingine chochote juu yake. Kinachomtambulisha haraka kuliko sura au nasaba ni namna anavyofanya kazi.

Doyle hakuibuni mbinu ya Holmes kutoka hewani. Alipokuwa akisomea udaktari Edinburgh alifanya kazi chini ya Joseph Bell, daktari wa upasuaji aliyekuwa akieleza maisha ya mgonjwa kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Doyle alisimulia baadaye kuhusu mgonjwa mmoja ambaye Bell alimtambua kuwa ni mwanajeshi aliyeacha kazi karibuni na aliyetumikia Barbados. Mtu huyo alikuwa na adabu lakini hakuvua kofia, kama ilivyo desturi jeshini, kwa hiyo hakuwa amepata muda wa kuzoea uraia. Na ugonjwa wake ulikuwa matende, ambayo hayapatikani Uskoti bali katika visiwa vya Karibi.

Mfano huo unafundisha jambo ambalo waandishi wengi wanaoanza hulikosa. Mbinu ya mpelelezi inapaswa kuwa kitu ambacho msomaji anaweza kukiona kwa macho yake na kukikagua. Kofia ilikuwa kichwani, na kila aliyekuwamo chumbani aliiona. Mpelelezi anayeota ndoto zinazomwonyesha mwuaji ana mbinu ya ajabu kweli, lakini msomaji hana namna ya kushindana naye, na kisa cha upelelezi bila ushindani huo hupwaya.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilielewa hilo vizuri alipomleta Bwana Msa katika Kiswahili. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960, inaweka mauaji mahali wanapopahofia watu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakwenda pale pale kutafuta mkono wa binadamu. Anachokiona yeye, msomaji naye amekwisha kukiona.

Kasoro ndiyo sehemu ngumu zaidi. Holmes anajulikana kwa kujidunga kokaini, na waandishi wengi waliomfuata wakadhani ulevi au huzuni ya zamani inatosha. Lakini ukivipitia visa vyenyewe, kokaini haibadilishi matokeo ya uchunguzi. Ni pambo tu. Kasoro yake inayofanya kazi ni kujiamini kupita kiasi, nayo inatoka pale pale inapotoka mbinu yake: mtu aliyezoea kusoma alama na kupatia hufika mahali akaacha kusubiri ushahidi.

Katika kisa cha Uso wa Manjano, kilichochapwa 1893, mume anamweleza Holmes kwamba mkewe anatoroka usiku kwenda nyumba ya jirani, ambako dirishani huonekana uso wa kutisha. Holmes anaunda maelezo kamili akiwa amekaa kwake: mume wa kwanza wa mwanamke huyo yu hai, naye anamtoza fedha ili asimfichue. Wanapoingia nyumbani humo wanamkuta mtoto mdogo aliyevishwa kinyago. Ni binti wa mwanamke huyo kwa mume wa kwanza, Mmarekani mweusi aliyekwisha kufariki. Mama alimficha kwa kuogopa kwamba mume wake wa sasa angemkataa kwa rangi yake. Holmes alikosea kila kitu. Anamwomba Watson amnong’oneze jina la kitongoji hicho, Norbury, kila atakapomwona anajiamini mno.

Basi tumjenge mmoja wetu. Awe fundi viatu mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi, Tanga. Mbinu yake ni kusoma soli: kisigino kilicholika upande mmoja, ncha iliyosuguliwa, mshono uliorudiwa na mkono mwingine. Kasoro yake ni kwamba anaamini viatu kuliko midomo ya watu, kwa hiyo haulizi maswali. Mtu akijieleza, yeye anamtazama miguuni.

Kisa: fedha za mama lishe zimeibwa usiku, na mwizi amekanyaga saruji mbichi ya sakafu mpya. Alama nne ziko wazi, zimeachana kwa hatua ndefu, na kingo zake ni safi. Katika alama za mguu wa kulia, ncha ya soli haina mistari kabisa. Fundi anatamka papo hapo kwamba mwizi huburuza mguu wa kulia. Mtaani yupo mmoja tu, muuza maji, na watu wanamkamata. Anaapa kwamba hakufika pale. Fundi hamsikilizi.

Mwanafunzi wake ndiye anayerudi kwenye saruji na kuuliza mburuzo uko wapi. Mwenye kuvuta mguu angeacha mfereji mbele ya kila alama, na hatua zake zisingekuwa ndefu hivyo. Kiatu ni cha mtu aburuzaye mguu, ila aliyekivaa usiku ule anatembea vizuri. Ni mtumba! Soli ile ililiwa na mwenyewe wa kwanza, pengine Ulaya, kabla haijafika sokoni. Siku ya pili kijana mwenye mwendo mzuri tu analeta kiatu cha kulia kibandikwe soli mpya.

Msomaji ameona hatua ndefu na kingo safi mapema, katika sentensi moja na ncha iliyolika, kwa hiyo hawezi kudai amedanganywa. Nchi yetu yenyewe imeipa mbinu hii mpaka wake, kwa kuwa watu wengi hapa wanavaa viatu vilivyoanza maisha miguuni mwa wengine. Na fundi anakosea kwa sababu ya tabia ile ile inayomfanya apatie siku nyingine.

Katika mfululizo, kosa hilo lisifutwe kisa kinapokwisha. Muuza maji amefedheheshwa mbele ya wateja wake. Kisa cha tano kinaweza kumhitaji kama shahidi pekee, naye akakataa kuzungumza. Hata hivyo fundi asikosee kila mara, maana msomaji atachoka kumwamini. Katika visa sita, kushindwa kukubwa mara moja kunatosha. Wala asipone mapema. Akijifunza kusikiliza watu katika kisa cha pili, visa vilivyobaki havina kinachomtia hatarini.

Kwa anayetaka kuanza mfululizo wake, ushauri ni huu: kabla ya kuandika kisa cha kwanza, andika muhtasari wa kile ambacho mbinu itamponza mpelelezi wako. Ukikosa kukipata, badilisha mbinu.