Mbuzi Wangapi kwa Kila Kaya?

Tuseme ofisi ya mifugo ya kata fulani inataka kujua kaya moja hufuga mbuzi wangapi kwa wastani. Kata ina vitongoji 40. Kuokota kaya mojamoja kutoka kila upande kungemaliza mafuta ya pikipiki kabla ya kazi kwisha, na orodha kamili ya kaya kwa majina haipo. Kwa hiyo vinapigiwa kura vitongoji vitano, na katika kila kimoja wahesabuji wanapita kaya zote. Hiyo ndiyo sampuli ya makundi: kinachopigiwa kura ni kitongoji, si kaya.

Namba hizi ni za mfano tu. Kitongoji cha kwanza kina kaya 30 na mbuzi 90. Cha pili kina kaya 40 na mbuzi 110. Viwili vinavyofuata vina kaya 90 na mbuzi 180 kila kimoja. Cha tano, kile cha barabarani penye maduka, kina kaya 150 na mbuzi 240.

Wengi hapa hutafuta wastani wa kila kitongoji, yaani 3.0, 2.75, 2.0, 2.0 na 1.6, kisha huvijumlisha na kugawa kwa tano. Jibu ni 2.27. Lakini kwa hesabu hiyo kaya 30 za pembezoni zimepewa sauti sawa na kaya 150 za barabarani, ilhali ndizo zenye mbuzi wengi. Vitongoji vidogo vikiwa na wastani mkubwa namna hii, jibu huvutwa juu, na kuongeza idadi ya vitongoji hakuliponyi kosa hilo.

Njia ya uwiano ni nyepesi kuliko jina lake. Jumlisha mbuzi wote, 800. Jumlisha kaya zote, 400. Gawa: mbuzi 2.0 kwa kaya. Kila kaya iliyohesabiwa imekuwa na uzito uleule, popote ilipo.

Ipo njia ya tatu, ambayo vitabu huisifu kwa kuwa haina upendeleo. Vitongoji vyetu vina mbuzi 160 kwa wastani. Zidisha kwa vitongoji 40, upate mbuzi 6,400 wa kata nzima. Kama kata ina kaya 2,400, jibu ni 2.67. Mbona limepanda hivyo? Kwa sababu kitongoji cha kata kina kaya 60 kwa wastani, na kura yetu imeangukia vyenye wastani wa 80. Njia hii haijui kwamba tumepata vikubwa. Uwiano unajua: vitongoji vikiwa vikubwa, mbuzi wanaongezeka juu ya mstari na kaya zinaongezeka chini yake, na sehemu kubwa ya bahati hiyo inajifuta.

Basi 2.0 ni ya kuaminiwa kiasi gani? Kwa kila kitongoji, chukua mbuzi waliopatikana, toa idadi ambayo kingekuwa nayo kama kila kaya ingefuga wawili. Tofauti ni 30, 30, 0, 0 na −60. Zipige kipeo cha pili, zijumlishe, gawa kwa nne: 1,350. Kisha:

√[(1 − 5/40) × 1,350 ÷ (5 × 80²)] ≈ 0.19

Hilo ndilo kosa la sampuli. Njia ya tatu ingetoa kama 0.42. Hata hivyo, kwa vitongoji vitano tu, kadirio la asilimia 95 huanzia kama 1.5 hadi 2.5, upana usiopendeza kwa mtu aliyetembelea kaya 400. Lakini kura zilikuwa tano, si 400. Ukiiambia kompyuta kwamba kaya 400 ziliokotwa mojamoja, itakupa kosa dogo la kujidanganya.

Zitazame tena tofauti zile. Vitongoji vidogo vimezidi, kikubwa kimepungua. Uwiano hufanya kazi vizuri zaidi pale mbuzi wanapoongezeka sambamba na kaya. Hapa usambamba huo haujakamilika, kwa hiyo upo upendeleo kidogo. Kwa mfano huu hautarajiwi kuzidi robo ya kosa la sampuli, na hupungua kadiri vitongoji vinavyoongezeka. Mimi ningeongeza vitongoji, hata kama ni kwa kuhesabu sehemu tu ya kaya katika kila kimoja, mradi hesabu ibadilishwe ipasavyo.

Kama vitongoji vingechaguliwa kwa kura inayovipa vikubwa nafasi kubwa, kulingana na idadi ya kaya, mambo yangegeuka: wastani wa wastani ungekuwa sahihi, na kugawa jumla kwa jumla kungevipa vikubwa uzito mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, uliza kwanza kura ilipigwaje.