Pepo Hapandi kwa Kila Ngoma

Katika ngoma ya pepo, mtu aliye karibu zaidi na sauti ni mpigaji. Msondo umebanwa mapajani mwake, ngozi inatetemeka chini ya viganja vyake, naye hupiga hivyo tangu baada ya isha hadi alfajiri. Lakini hapandwi. Hatua chache kutoka kwake ameketi mwele, amefunikwa shuka, na moshi wa uvumba unapenya chini ya kitambaa. Saa nzima anaweza kukaa kimya huku ngoma ikirindima. Kisha manju anabadili wimbo, wapigaji wanageuza mdundo, na mabega ya mwele yanaanza kutikisika.

Kilichotokea hapo ndicho wanataaluma wa muziki wa jamii wamebishania kwa muda mrefu. Je, ngoma humpagawisha mtu kwa nguvu ya sauti yake, au kuna jambo jingine?

Mwaka 1962 mtafiti Andrew Neher alitoa jibu la kimaabara. Aliwasikilizisha watu mapigo ya ngoma huku akipima umeme wa ubongo wao, akaona kwamba mawimbi ya ubongo huelekea kufuata mapigo yanayokuja kwa kasi fulani, mara kadhaa katika kila sekunde. Akahitimisha kuwa ngoma za ibada huwapagawisha watu kwa njia hiyo hiyo. Maelezo haya yalipendwa sana, na hadi leo utayasikia yakirudiwa kana kwamba yamethibitishwa.

Mfaransa Gilbert Rouget, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi huko Benin, hakuyakubali. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu muziki na kupagawa, kilichotoka mwaka 1980, aliuliza maswali ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa kilingeni angeyauliza. Kama ni mapigo tu, mbona wapigaji hawaanguki? Mbona watazamaji mia wanasikia sauti ile ile na anayepandwa ni mmoja au wawili? Mbona mtu aliyepandwa jana kwa ngoma hii leo anaisikia harusini na kuendelea kula pilau yake? Mimi naona maswali haya yanatosha kuiangusha nadharia ya mawimbi. Ngoma huuathiri mwili, hilo halina shaka, lakini athari hiyo haielezi kwa nini ni yule, kwa nini ni sasa, na kwa nini ni kwa mdundo huu.

Jibu la pwani yetu limo katika utaratibu wenyewe wa uganga wa pepo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alizieleza ngoma za pepo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na msingi wake bado unafahamika. Pepo si kitu kimoja. Wana makabila yao, na kila kabila lina lugha, rangi, chakula na ngoma yake. Ruhani anahusishwa na Uarabuni na Uislamu. Anataka nguo nyeupe, marashi na udi, na mara nyingi haitwi kwa ngoma bali kwa dhikri, kwa pumzi inayovutwa na kutolewa kwa pamoja. Pepo wa Kimasai anataka shuka nyekundu na mkuki. Kibuki wa Unguja asili yake ni Bukini. Nyimbo zake zina maneno ya Kibuki, chano chake kina asali na brandi, na muziki wake umezoea kinanda cha kodiani na manyanga.

Mganga anapoletewa mwele ambaye maradhi yake yamekataa dawa, kazi yake ya kwanza ni kujua ni kabila gani lililomkalia. Huanza kwa kuuliza habari za ukoo, kwa ramli, au kwa kumfukiza aina mbalimbali za uvumba na kuangalia ni upi unaomtikisa. Lakini uthibitisho hupatikana ngomani. Nyimbo hupigwa kwa makundi, kabila baada ya kabila, na kila kundi hupewa muda wa kutosha. Manju huimba akitaja jina la pepo, nchi yake na tabia zake, wanawake huitikia, na mganga haondoi macho kwa mwele. Kidole kikianza kucheza, pumzi ikibadilika au kichwa kikianza kuzunguka, wapigaji hupewa ishara wasitoke kwenye mdundo huo. Wanauongeza kasi, kiitikio kinafupishwa, makofi yanakaza. Pepo akishapanda anaulizwa jina, na akilitaja anaulizwa anataka nini. Hapo ndipo mazungumzo ya masharti yanapoanza, na mwele anaanza safari ya kuwa kiti cha pepo huyo.

Kwa hiyo ngoma pale kilingeni ni wito wenye anwani. Mwele hapandwi kwa sababu sauti imekuwa kubwa. Anapandwa kwa sababu wimbo umemtaja aliye ndani yake, mbele ya watu wanaoujua wimbo huo na wanaojua kitakachofuata. Ndiyo maana mpigaji yuko salama, kwani hakuna anayemwita yeye, na kazi yake inataka akili timamu usiku kucha. Rouget aliliweka hili kama tofauti ya msingi: mtu anayepandwa huchezewa muziki na wengine, wakati wale waganga wa Siberia wanaosafiri kiroho hujipigia ngoma wenyewe.

Jambo hili lilikuwa limeonekana mapema kwingine pia. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulumi d-Din kuhusu hali inayowapata masufi wanaposikiliza mashairi yakiimbwa. Aliuliza kwa nini shairi humtikisa mtu upesi kuliko kisomo cha Qurani, akatoa sababu saba. Mojawapo ni kwamba shairi lisipoafikiana na hali ya msikilizaji, anaweza kuomba aimbiwe jingine, jambo lisilofaa kufanyiwa maneno ya Mungu. Rouget aliyasoma maandishi hayo kwa makini na akayapa nafasi kubwa katika kitabu chake. Ni kanuni ile ile ya mganga anayebadili nyimbo hadi apate ule unaoafikiana na mwele.

Bado mdundo wenyewe una siri yake, na mahali pazuri pa kuisikia ni kaskazini mwa Malawi, kwa Watumbuka, katika ngoma ya vimbuza. Steven Friedson, mpigaji na mtafiti, aliichunguza na kuchapisha kitabu mwaka 1996. Ngoma ni tatu. Kubwa huzungumza na pepo, na ndogo mbili hushika mdundo usiokatika. Wanawake huimba na kupiga makofi, na anayecheza huvaa vyuma vinavyolia miguuni na kiunoni. Mahali panaitwa temphiri, na mganga anayeongoza anaitwa nchimi. Huko nako kila aina ya pepo ina mdundo wake: wale wanaohusishwa na Wangoni wana wao, na wale wa wanyama wakali kama simba wana wao.

Ili kuelewa mdundo huo unavyofanya kazi, jaribu mezani. Hesabu moja hadi sita polepole, urudie bila kusita. Mkono wa kulia ugonge kwenye moja, tatu na tano. Wa kushoto ugonge kwenye moja na nne. Ukishazoea, sikiliza mkono wa kulia peke yake: mwendo ni wa hatua tatu. Sasa hamishia sikio kwenye wa kushoto: mwendo umekuwa wa hatua mbili, na hakuna mkono uliobadilika. Katika temphiri mambo haya mawili huenda pamoja kwa saa nyingi, na kinachoamua lipi litatawala ni makofi, kiitikio na vyuma vya miguuni. Mchezaji hasukumwi na mdundo mmoja. Yumo ndani ya sauti inayogeuka kila sikio lake linapogeuka, na mpigaji wa ngoma kubwa anamtazama miguu, akifuata na kuongoza kwa zamu. Watumbuka husema pepo hupata joto mwilini kwa muziki, na kucheza ndiko kunakolitoa joto hilo.

Ikiwa makofi yamelegea, mwendo mmoja hupotea na pepo hukwama. Mwele hutetemeka bila kusimama, au huanguka kama gogo. Wenye ujuzi hawafurahii anguko hilo hata kidogo, ingawa ndilo linalowavutia watazamaji. Anguko ni dalili ya pepo mgeni, asiyefundishwa. Kiti aliyekomaa haanguki. Hupanda kwa wakati wake, hucheza ngoma yake kwa ustadi, hula cha chanoni, husema na watu, kisha huondoka kwa wimbo wa kumuaga. Wimbo huo wa mwisho una uzito sawa na ule wa kwanza, kwa sababu mtu aliyeachwa katikati huamka na maumivu ya kichwa na mwili mzito. Vivyo hivyo, anayepandwa kwa kila ngoma inayopigwa, bila kuchagua kabila, hutiliwa shaka. Mganga humjaribu kwa lugha ya pepo wake, kwa chakula, na kwa nyimbo ambazo pepo huyo hapaswi kuzijali.

Yako mambo ambayo ngoma haiyawezi, na waganga waaminifu wanayajua. Degedege la malaria, kifafa, na homa ya mama aliyejifungua juzi vinaweza kufanana na kupandwa machoni pa ndugu walioingiwa na hofu. Tofauti moja inasaidia: kifafa hakisubiri wimbo, hakisikii manju, na hakitaji jina. Mtu wa namna hiyo apelikwe hospitali usiku huo huo, maana saa zinazopotea kilingeni huenda zikamgharimu uhai.

Vimbuza imo katika orodha ya turathi zisizoshikika ya UNESCO tangu mwaka 2008, pamoja na kwamba wamisionari waliipiga marufuku zamani na makanisa kadhaa bado hayaitaki. Ngoma za pepo za pwani zetu, nyingi zikiwa mikononi mwa wanawake watu wazima, zinarekodiwa zaidi kwa simu, na karibu kila mara kamera humkimbilia anayetikisika. Kama wewe ni mmoja wa wanaorekodi, omba ruhusa ya mganga na ya jamaa wa mwele, na uuache uso wa mwele nje ya picha. Weka kipaza sauti karibu na wanawake wanaoitikia. Kisha andika wimbo ulikuwa wa pepo gani, nani aliuanzisha, na ulibadilishwa kuwa upi mwele alipoanza kutikisika. Bila maelezo hayo, atakayeisikia sauti hiyo baada ya miaka ishirini hatajua aliyekuwa akiitwa ni nani.